Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: chanjo ya surua na mwili wa mtoto

Nimefanya kazi kliniki ya mama na mtoto hapa Tanga mjini kwa miaka mingi, na sindano ninayoulizwa kuliko zote ni ile ya miezi tisa: surua na rubela. Wengine husema shurua, na ukivuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya wenzetu wanaita ukambi. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi rudi. Nimebaki kwenye surua, kwa sababu ukielewa sindano hii moja inavyofanya kazi, zilizobaki hazitakusumbua.

Bi nesi, hicho kilichomo kwenye kichupa ni surua yenyewe?

Ni kirusi cha surua, na kiko hai. Sifichi hilo. Katika dozi moja ya nusu mililita vimo virusi hai visivyopungua 1,000. Ila si kile kinachomlaza mtoto hoi macho mekundu. Ni mtoto wa mtoto wa mtoto wake, aliyelelewa mbali na watu mpaka akapoteza makali.

Asili yake inajulikana. Mwaka 1954 surua iliingia katika shule moja karibu na Boston, Marekani. Daktari Thomas Peebles alikwenda kuchukua sampuli kwa wanafunzi waliougua, na ya mvulana wa miaka 13, David Edmonston, ndiyo iliyokubali kuota maabara kwa profesa John Enders. Kirusi kile kikahamishwa kutoka chombo kimoja cha seli hai hadi kingine, mara nyingi sana, kwanza katika seli za binadamu na baadaye katika seli za kifaranga cha kuku ambacho hakijaanguliwa. Kila kizazi kilichofaulu kuishi kwenye seli za kuku ndicho kilichopandwa tena. Mwishowe kikawa stadi wa seli za kuku na mzembe ndani ya mwili wa mtu. Chanjo ya kwanza iliruhusiwa mwaka 1963, na nyingi zinazotumika hadi leo zimetokana na uzao huo wa Edmonston.

Sura yake ya nje, hata hivyo, haikubadilika kiasi cha kutotambulika. Amedhoofika mwendo, uso ni ule ule, na kwa mwili wa mtoto uso ndio unaohitajika.

Akishachomwa, ndani kunatokea nini hasa?

Hili nitalijibu kwa kirefu. Tumchukue mtoto mmoja niliyemchoma siku ya Alhamisi, mama yake anatoka Makorora. Alikuwa na miezi tisa na siku mbili, mzima, ananyonya.

Sindano inaingia chini ya ngozi ya mkono wa juu. Virusi vinaingia katika seli chache za hapo na kuanza kuzaana, lakini polepole. Seli zilizovamiwa zinatoa kemikali ya kuwaonya majirani wafunge milango, na kirusi hiki cha kuku hakiwezi kuinyamazisha kemikali hiyo kama anavyofanya yule wa mtaani. Kwa hiyo moto unawaka, lakini ni moto wa jiko, haushiki paa.

Chini ya ngozi kuna seli nyeupe za doria. Hizi zinammeza kirusi, zinamkatakata, kisha zinabeba vipande vyake juu ya ngozi yao ya nje na kusafiri hadi kwenye tezi za kwapani. Akina mama huwa nawaeleza kwa kanga. Mwanamke wa Tanga hahitaji kuiona doti nzima ili aijue kanga. Mwonyeshe kipande cha pindo, atakutajia jina lake na mwaka ilipotoka. Seli hizi zinapeleka pindo.

Kule kwapani zimejaa seli nyeupe za aina nyingine, mamilioni kwa mamilioni, na kila moja imezaliwa na kipokezi chake, yaani inatambua pindo moja tu. Hapa watu wengi hupotea: wanadhani chanjo inaufundisha mwili kutengeneza kitu kutoka mwanzo. Hapana. Seli inayotambua surua ilikuwemo tayari mwilini mwa mtoto huyu kabla hajakutana na surua, ila zilikuwa chache mno, zimekaa bila kazi. Pindo likipitishwa mbele yao, ndizo zinazoshtuka. Zinaanza kugawanyika: moja mbili, mbili nne, na baada ya siku kadhaa ni maelfu. Ndiyo sababu tezi inaweza kuvimba kidogo.

Wakati zinagawanyika, nyingine zinabadilika kidogo kidogo katika kile kipokezi. Zile zinazomshika kirusi vizuri zaidi zinapewa nafasi ya kuendelea kuzaana, na zinazomshika kilegelege zinakufa. Mashindano haya huendelea kwa wiki kadhaa, wakati mama ameshasahau habari ya sindano. Washindi wanagawana kazi. Baadhi wanakuwa viwanda vya kingamwili, vile vitu vidogo vinavyoogelea kwenye damu na kumganda kirusi ili asiweze kuingia kwenye seli. Baadhi ya viwanda hivi huhamia kwenye uboho wa mifupa na kukaa humo miaka na miaka. Washindi wengine hawatengenezi chochote. Wanabaki kuzunguka mwilini na kumbukumbu ya lile pindo.

Kuna kundi la tatu ambalo husahaulika: seli zinazoua seli za mwili zilizokwisha kuvamiwa. Kingamwili zinamzuia kirusi akiwa njiani. Hizi zinamtoa akishaingia ndani ya nyumba. Na zenyewe huacha kumbukumbu.

Mara ya kwanza kazi hiyo inachukua wiki mbili hivi kabla kingamwili hazijajaa vya kutosha. Surua ya kweli ikimpata mtoto ambaye hajachanjwa, wiki mbili hizo ndizo kirusi anazozitumia kusambaa mwili mzima. Ikimkuta aliyechanjwa, kingamwili zinamsubiri kwenye damu, na seli za kumbukumbu zinaongeza nyingine ndani ya siku chache.

Mbona alikuwa mzima wiki nzima, halafu homa ikaja siku ya nane? Si tumelogwa?

Mtoto wa Makorora alipata homa Ijumaa ya wiki iliyofuata, usiku. Mama alinipigia simu Jumamosi asubuhi:

"Shikamoo bi nesi. Mtoto anachemka. Hii haiwezi kuwa ya sindano, sindano ilikuwa wiki iliyopita."

"Marahaba mwanangu. Ananyonya?"

"Ananyonya, ila analialia."

"Anakohoa? Macho?"

"Hapana."

Ilikuwa ya sindano. Sindano ya wiki sita, ile ya paja, ikileta homa huileta siku ile ile au ya pili, kwa sababu vijidudu vyake vimeshakufa au ni vipande tu, na mwili unavijibu palepale. Kirusi cha surua kiko hai, kinahitaji siku za kuzaana kwanza. Homa huja mwili unapopamba moto dhidi yake, kati ya siku ya saba na ya kumi na mbili. Katika watoto 100, kama 5 hadi 15 huipata, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Waliobaki hawapati kitu, na kinga yao si pungufu kwa sababu hiyo.

Homa inayozidi siku hizo, mtoto kukataa kunyonya, kulegea au kupata degedege, usingoje. Mlete hata kama una hakika ni chanjo, maana malaria haiangalii kadi ya kliniki.

Katoka na vipele. Nitajuaje kama ni vya chanjo au kaugua surua?

Watoto kama 5 katika 100 hutoka vipele vyepesi, siku hizo hizo za homa. Mtoto mwenyewe anacheza. Mwenye surua hachezi: kabla ya vipele amekuwa na homa kali siku tatu nne, kikohozi, mafua, macho mekundu yanayochukia mwanga, na ukimfunua mdomo unaweza kuona vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ndani ya mashavu. Vipele vyake huanzia usoni na nyuma ya masikio, kisha hushuka.

Kukiwa na mlipuko mtaani swali linakuwa gumu, kwa sababu mtoto anaweza kuchanjwa leo huku aliambukizwa juzi. Hapo tunachukua sampuli. Maabara inaweza kusoma chembe za urithi za kirusi: cha chanjo ni cha kundi linaloitwa A, ambalo halizunguki tena kwa watu.

Na vipele vya chanjo havimwambukizi mdogo wake wala mama mjamzito wa chumba cha pili. Mlaze naye kama kawaida.

Kwa nini mnasubiri miezi tisa? Na kwa nini arudi tena miezi kumi na minane, dawa ya kwanza haikuwa na nguvu?

Nguvu ilikuwepo. Aliyeizuia ni wewe mama.

Ulipokuwa mjamzito, kingamwili zako za surua zilipita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Zinamlinda miezi ya mwanzo, kisha zinapungua kidogo kidogo. Zikiwa bado nyingi, chanjo ikiingia zinamganda kile kirusi kidhaifu kabla hajazaana. Asipozaana hakuna pindo la kutosha kupelekwa kwapani, na mtoto anarudi nyumbani na kovu la sindano tu. Ukimchanja mapema sana, unachanja kingamwili za mama. Ukichelewa sana, unamwacha wazi wakati zile za mama zimekwisha. Katika nchi ambazo surua bado inazunguka, miezi tisa ndipo mahali pa kati.

Hesabu yake ni hii. Ukichanja watoto 100 wa miezi tisa, kama 85 wanapata kinga. Wengine 15 hawakupata, na hakuna alama yoyote ya nje inayowatofautisha. Wote wana kadi iliyojazwa. Wakirudi miezi kumi na minane, kingamwili za mama zimeshakwisha, na katika wale 15 karibu wote sasa wanashika. Anabaki mmoja au wawili.

Kwa hiyo dozi ya pili si ya kuongezea chumvi kwenye mchuzi ulio tayari. Ni ya wale ambao mchuzi wao haukupikwa kabisa, na kwa kuwa hatuwajui, tunawaita wote. Nasikitika kwamba hii ndiyo dozi wanayoiruka wengi. Mtoto ameshatembea, mama amerudi sokoni, mzani wa kila mwezi umeshachosha. Na mgonjwa mmoja wa surua, penye watu wasio na kinga, huambukiza 12 hadi 18, na hewa ya chumba alichotoka inaweza kubeba kirusi kwa saa mbili. Wale 15 wasiojulikana watapatikana tu.

Bibi yake anasema wao waliugua wote wakapona, na kinga ya ugonjwa ni ya maisha. Si bora augue tu?

Bibi hasemi uongo kuhusu maisha. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Ludwig Panum, alikwenda visiwa vya Faroe surua ilipoingia huko. Ilikuwa haijaonekana visiwani tangu 1781. Akakuta kwamba wazee walioiugua utotoni, miaka 65 nyuma, hawakuguswa. Kumbukumbu ya mwili ni ndefu hivyo, na kwa waliochanjwa dozi mbili nayo hudumu miaka mingi sana.

Bei ndiyo inayotofautiana. Waliosimama barazani kusimulia ni waliopona. Lakini kuna jambo jingine ambalo bibi hakuwa na njia ya kuliona. Kirusi cha mtaani kinapenda kuingia hasa kwenye seli nyeupe zenye kumbukumbu, zile zile zinazokumbuka magonjwa mengine aliyopitia mtoto: vichomi, kuhara, mafua. Kinazivamia na zinakufa kwa wingi. Mwaka 2019 watafiti walipima damu ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua surua. Watoto hao walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine.

Yaani mtoto anapona surua, anajifunza surua, na anafuta daftari lililobaki. Ndiyo maana wengi wa wanaokufa kwa surua hufa kwa kichomi au kuhara kunakofuatia. Kirusi cha chanjo hakileti ufutaji huo. Kinazaana kidogo na kinadhibitiwa mapema.

Nilipomweleza bibi mmoja hivi, akanyamaza, akafunga kanga yake vizuri, akasema: "Mdogo wangu alipona surua, akafa masika." Sikuwa na la kuongeza.

Siku ile mlinirudisha nyumbani na dawa niliiona ipo mezani. Kwa nini?

Najua unaudhika, nimetukanwa kwa hili. Chanjo ya surua huja ikiwa unga mkavu, na tunauchanganya na maji yake maalumu palepale. Ukiwa mkavu na baridi, kati ya nyuzi 2 na 8, unavumilia. Ukishalowa, kirusi kinaanza kufa kwa joto na mwanga, na kwa kuwa chanjo hii haina dawa ya kuzuia vijidudu vingine, bakteria wakiingia kichupani wanastawi. Kikomo ni saa sita. Kichupa cha dozi kumi kilichochanganywa saa tatu asubuhi kinatupwa saa tisa alasiri, hata kama zimebaki dozi nne ndani.

Nikiwa bado mgeni kazini, kwenye zahanati moja nje ya mji, nilimkuta mwenzangu akichoma watoto saa kumi na moja jioni kwa kichupa cha asubuhi, akisema ni dhambi kumwaga dawa ya serikali. Maji ya kuchanganyia alikuwa ameyaacha dirishani, yamepata vuguvugu. Watoto wale waliondoka na kadi zimejazwa. Kirusi kilichokufa hakizaani, na virusi elfu moja visivyozaana ni pindo dogo mno kuamsha tezi. Nisingeweza kuwatambua kwa macho. Niliandika majina yao wote na tukawaita upya wiki iliyofuata, wawili hawakurudi.

Ukitaka kuhakikisha, omba uone kifuniko kabla hakijafunguliwa. Kina duara na kamraba ndani yake. Kamraba kakiwa keupe kuliko duara, joto halijakiharibu. Kakishafanana rangi na duara au kukolea zaidi, hakitumiki. Hakuna nesi mwenye haki ya kukasirika ukiuliza. Kifuniko kikishatoka, alama hiyo haina maana tena, na linalohesabika ni saa ukutani.

Chanjo zote zina kijidudu hai kama hii?

Hapana. Ya pepopunda haina kijidudu kabisa: ni sumu yake iliyoharibiwa makali, ili mwili uitambue sumu. Ndiyo maana inadaiwa dozi nyingi, kwa sababu haizaani na pindo linalopelekwa ni lile tu ulilochoma. Ya malaria, iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine za Afrika, inabeba kipande cha ngozi ya kimelea kile anachokuwa nacho anapotoka kwenye mbu. Kimelea hukaa kwenye damu dakika chache tu kabla ya kujificha kwenye ini, hivyo kingamwili zinahitajika kuwa nyingi na tayari muda wote, na zinashuka upesi. Ndiyo sababu kinga yake ni pungufu ukilinganisha na ya surua, na chandarua hakiondoki kitandani.

Nani asichomwe?

Mwanamke mjamzito, na mtu ambaye kinga yake imeporomoka sana, kwa ugonjwa au kwa dawa kama za saratani. Kirusi dhaifu kinahitaji mwili wa kukidhibiti. Mtoto mwenye VVU ambaye anaendelea vizuri huchanjwa, lakini zungumza na kliniki yako ya matibabu kwanza. Mafua madogo au kuharisha kidogo si sababu ya kuahirisha.

Kadi imeliwa na panya. Akichomwa tena na kumbe alishachomwa, haitamdhuru?

Haitamdhuru, na ukifuata maelezo ya kingamwili za mama utaona kwa nini. Kama ameshapata kinga, kingamwili zake mwenyewe zitamganda kirusi dhaifu mara tu anapoingia, kabla hajazaana, na mara nyingi hata homa ya siku ya nane haitakuja. Kama hakuwahi kupata, hii ndiyo dozi yake ya kwanza. Mlete Alhamisi kabla ya saa sita mchana, kichupa kikiwa kibichi.